Hiyo asali ndiyo wasifu wako

"Wasifu wangu: 'Mbunifu wa michoro. Najua Photoshop, Illustrator, Canva. Nembo, mabango, lebo.' Asali ya mteja wangu ilikataliwa kwa kukosa msimbopau, nikamtengenezea lebo mpya na sasa iko maduka 6. Mbona sipati wateja wengine?"

Ndugu yangu, hiyo asali umeiacha nje! Andika: "Nabuni lebo za vyakula kwa wasindikaji wadogo wanaotaka kuingia supamaketi. Asali ya mteja wangu ilikataliwa kwa kukosa msimbopau. Kwa lebo mpya, maduka 6 yameipokea." Muombe mteja ruhusa kwanza, na usidai mauzo yamepanda kama hukuona hesabu zake.

Kwenye ukurasa wa huduma futa mabango. Weka lebo ya zamani kando ya mpya, kisha unachokabidhi, kwa siku ngapi, na bei ya kuanzia. Photoshop ishuke mstari wa mwisho.