Patografu: X ikivuka mstari wa tahadhari, unafanya nini?

"Jamani, kwenye praktiko wakinipa patografu iliyovuka mstari wa tahadhari, nasema dripu ya oksitosini au upasuaji?"

Usijibu lolote kati ya hayo kabla hujasoma mikazo na kichwa cha mtoto. Chukua mama wa mimba ya kwanza aliyepokelewa saa 2 asubuhi, njia imefunguka sentimita 4, kichwa 4/5 juu ya nyonga. X ya kwanza, alama ya njia ilivyofunguka, inakaa kwenye mstari wenyewe wa tahadhari, penye 4. Hata angefika na 5, ungeiweka kwenye mstari huohuo, penye 5, na saa uiandike chini yake. Wengi huibandika kwenye saa sifuri pembeni, na grafu nzima inadanganya.

Saa 6 mchana unampima tena: sentimita 6. Mstari hupanda sentimita 1 kila saa, hivyo ulitaka 8, kwa hiyo amechelewa saa 2. Bado hajafika mstari wa hatua, ambao uko saa 4 kulia kwa ule wa tahadhari.

Sasa shuka kwenye miraba ya mikazo. Ukikuta miwili ndani ya dakika 10, kila mmoja sekunde 30, kichwa kimeshuka hadi 3/5, mifupa ya kichwa haijapandana na mapigo ya mtoto ni 140, tatizo ni nguvu ya uchungu. Hospitalini mwambie akojoe, mpe maji ya kunywa, na chupa ipasuliwe kama haijapasuka, ukihakikisha kitovu hakijatangulia. Pima tena baada ya saa 2. Akibaki 6 saa 8 mchana, X inagusa mstari wa hatua: daktari lazima awe amefika kitandani, na hapo ndipo oksitosini hujadiliwa.

Lakini ukikuta mikazo minne ya sekunde 45, kichwa bado 4/5 na mifupa imepandana +++, uchungu unasukuma na njia haipiti. Oksitosini hapo inaweza kupasua kizazi, hasa kwa aliyewahi kuzaa au mwenye kovu la upasuaji. Huyo anaandaliwa upasuaji, bila kusubiri mstari wa hatua. Ukiandika dripu hapa, mtahini ana haki ya kukufelisha.

Swali likisema uko zahanati, mfano huko juu Kibosho, jibu hubadilika. Mstari wa tahadhari ndio wakati wa kuita gari na kupiga simu hospitali ya Mawenzi, isipokuwa njia iwe karibu kufunguka yote. Zile saa 4 kati ya mistari miwili ziliwekwa ili safari itoshee humo.

Halafu angalia fomu uliyopewa. Ule mwongozo wa WHO wa 2020 huanzia sentimita 5 na hauna mistari ya mshazari. Haya niliyoandika ni ya patografu ya zamani inayoanzia 4.