Nafsi ya kioo: stetasi ya WhatsApp kama mfano

"Kioo anachosema Cooley ndiyo zile laiki, au?"

Habari mkuu. Hapana, na hapo ndipo wengi hupoteza maksi. Mwanasosholojia Cooley (1902) anaposema nafsi ya kioo, yaani kujiona kupitia macho ya wengine, anataja hatua tatu, na zote zinapita kichwani mwako. Umeweka picha stetasi, watu 40 wameiona, kimya. Kwanza unawaza unavyoonekana kwao: mtu wa kujishaua. Kisha unawaza hukumu yao: wananicheka. Mwisho unaona aibu, unaifuta. Huenda walikuwa wanapitisha vidole tu, lakini aibu yako ni ya kweli.

Kwa nadharia ya mwingiliano wa ishara, inayosema maana ya vitu hujengwa watu wanapowasiliana, chukua tiki mbili za bluu. Zenyewe ni rangi tu. Mpenzi akikaa kimya baada yake, unasoma dharau. Bosi akifanya hivyo, unajua amepokea. Maana hizo mmezijenga wenyewe kwa kuchati, na ukipigiwa simu ukaelezwa, zinabadilika.