Soko linakwenda, linazunguka au limelala? Pima kabla ya kuchagua mbinu

Vijana mnaoanza kufanya biashara ya bei ya shaba hapa Lubumbashi, karibu wote mnaniuliza swali moja: mbinu gani inalipa? Kuna mbinu ya kununua bei inapovunja dari, yaani kile kiwango cha juu ambacho imekuwa ikigota, na kuna ya kuuza bei inapogusa dari hiyo hiyo. Zinapingana kabisa, na zote zinalipa, kila moja kwa majira yake. Kwa hiyo anza kwa kujua majira. Malori ya katodi za shaba yanayopanga foleni kuelekea mpaka wa Kasumbalesa hayatakwambia kitu, maana bei yenyewe inatengenezwa London na Shanghai.

Mfikirie mtu anayetoka Katuba kwenda mjini. Akinyoosha njia, kila hatua inamsogeza. Akirudi kuchukua simu, kisha akapita kwa shemeji, kisha akakumbuka deni la duka, jioni unamkuta bado yuko Katuba na miguu inamuuma. Chukua umbali aliosogea kweli, gawanya kwa hatua zote alizopiga. Perry Kaufman ndiye aliyekiingiza kipimo hiki katika hesabu za masoko.

Tufanye hesabu kwa bei za kufungia za siku 11, kwa dola kwa tani, nilizozitunga kwa mfano: 9400, 9460, 9430, 9510, 9560, 9540, 9620, 9600, 9680, 9730, 9700. Hatua za kila siku, bila kujali zilikwenda juu au chini, jumla yake ni 500. Bei imesogea 300. 300 kwa 500 ni 0.60: hilo soko lina mwelekeo. Lingepiga hatua zile zile 500 likaishia 9460, ungepata 0.12, yaani linazunguka ndani ya boksi. Kwenye jedwali la kompyuta, weka bei kuanzia B2 hadi B12 na hatua za kila siku, bila alama ya kutoa, kuanzia C3 hadi C12:

```
=ABS(B12-B2)/SUM(C3:C12)
```

Kompyuta nyingi za hapa kwetu zimewekwa Kifaransa. Hapo andika SOMME badala ya SUM, la sivyo itakukatalia.

Mimi nikipata 0.40 au zaidi nafuata mwelekeo: nasubiri bei irudi nyuma kidogo, kisha naingia upande inakokwenda. Chini ya 0.25 nanunua sakafuni na kuuza darini. Katikati ya hapo sibadilishi mbinu niliyokuwa nayo, ila napunguza mzigo nusu. Mipaka hiyo nimejiwekea mwenyewe. Nimeacha pengo kati yake kwa makusudi, maana zamani nilikuwa na mpaka mmoja wa 0.30 na nikawa nabadili mbinu kila siku ya pili, nikipigwa pande zote mbili.

Lakini namba hii inadanganya kwa njia mbili. Ya kwanza iliniumiza mwenyewe. Siku tisa bei ilizunguka, hatua zake zote jumla 250, ikasogea 10 tu. Siku ya kumi ikaruka 250 juu kwa sababu ya habari moja. Hesabu ikatoa 260 kwa 500, yaani 0.52, nami nikanunua kama mfuata mwelekeo. Siku mbili baadaye bei ilikuwa imerudi ndani ya boksi lake na mimi nje ya biashara. Tangu hapo naitoa siku yenye hatua kubwa kuliko zote na kuhesabu upya. Pale ningepata 10 kwa 250, yaani 0.04. Ule mfano wetu wa kwanza hauanguki hivyo: ukitoa hatua moja ya 80, unabaki na 220 kwa 420, kama 0.52.

Njia ya pili ni soko lililolala. Bei ikipiga hatua za dola 15 kwa siku, jumla 150, ikasogea 60, unapata 0.40 na unaona mwelekeo. Hapo ulizia ukubwa wa hatua zenyewe: linganisha wastani wa siku 10 na wastani wa siku 60. Kama kawaida yake ni 45, basi sasa linatembea theluthi moja. Dalali akikata dola 5 kati ya bei ya kununua na ya kuuza, amekula theluthi ya mwendo wa siku nzima kabla hujaanza. Wastani ukishuka chini ya nusu ya kawaida, mimi siingii, hata 0.40 ionekane nzuri vipi.

Hapo tazama pia kalenda. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia Januari au Februari, na Shanghai inafungwa kwa kama wiki moja. China ndiyo inayotumia zaidi ya nusu ya shaba iliyosafishwa duniani, kwa hiyo London nayo mara nyingi inapoa. Wakifungua, zile hatua ndogo za likizo bado zimo ndani ya siku zako 10, nazo zinaendelea kukwambia soko limelala wakati limeshaamka. Wiki hiyo ya kwanza ninatazama hatua za siku moja moja kwa jicho, na jedwali naliacha lijazike.