Brauza ya asilimia 2, niiache?

"Analitiki inaonyesha iOS 14 ni asilimia 2 tu ya wageni, niitoe kwenye jedwali la sapoti?"

Usiitoe bado mkuu, hiyo asilimia 2 inaweza kuwa ndogo kwa sababu saiti yako imeshawafukuza. Gawanya ripoti kwa brauza na toleo, kisha angalia wangapi wanafika mwisho wa malipo. Tuseme wengine wanamaliza 30 kati ya 100 na hawa ni 1, hapo kuna kitu kimevunjika. Mara nyingi ni kama fomu inafunguliwa kwa `showModal()`, ambayo Safari imeanza kuielewa 15.4, kwa hiyo mtu wa iOS 14 anabonyeza na hakuna kinachotokea, anaondoka zake.

Halafu Chrome ya aifoni usiipe safu yake, ndani ni WebKit ileile na inapanda na toleo la iOS, we andika iOS 14, iOS 15, basi.

Kwenye jedwali weka ngazi tatu: kamili, ya msingi (fomu iwe ukurasa wa kawaida, malipo yapite), na hakuna. Hao wa iOS 14 wape ya msingi. Na linganisha na logi za seva, maana skripti ya analitiki ikikwama hao hawahesabiwi kabisa.