Miaka minne niliitwa Issa

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye mkeka barazani kwa watu, Tanga, nikataja jina langu mbele ya mzee niliyekuwa simjui. Kwa wengi wenu hilo si jambo la kuandikia. Ila kuna dada aliniandikia ujumbe mwezi uliopita, naye ana kigugumizi kama mimi, akaniuliza: "Nikikutana na mtu kwa mara ya kwanza, nianze na neno gani?" Nilichelewa kumjibu kwa sababu mwenyewe nilikuwa nasubiri Jumamosi hiyo ipite.

Naitwa Bakari. Herufi B ndiyo adui yangu mkubwa, na Mungu akanipa jina linaloanza nayo. Mwenye kigugumizi ana ujanja wa kubadilisha maneno. Barabara ikigoma, unasema njia. Bei ikigoma, unauliza "shilingi ngapi?" Jina lako halina mbadala, ndiyo maana wengi wetu tunakwama hapo kuliko kwingine kote.

Mimi nilitafuta mbadala. Nilipofika Dar kujifunza ufundi wa friji, fundi mkuu aliniuliza naitwa nani, midomo ikafunga, na ghafla nikasikia mdomo wangu ukisema "Issa." Lilitoka laini kama maji. Nikawa Issa miaka minne. Wateja Issa, mama ntilie Issa, mpaka mwenye nyumba Issa. Siku moja nikamjazia mama mmoja gesi kwenye friji lake, kazi ya shilingi 60,000. Akataka kunilipa kwa simu. Alipoingiza namba yangu, jina likatokea Bakari. Akaniangalia, akaangalia simu, akaniangalia tena. "Wewe si ulisema unaitwa Issa? Kumbe tapeli?" Nilitaka kumweleza, na nyinyi mnajua nini kilitokea nilipotaka kumweleza. Kukwama kwangu akakuona ni kukosa la kujitetea. Akaita majirani. Pesa nililipwa, ila jioni, baada ya fundi mkuu kuja mwenyewe. Bado naumia nikipita ule mtaa, sitaficha.

Sasa, watu wazuri watakwambia "tulia, vuta pumzi." Acheni hiyo, jamani. Pumzi ninayo tele. Madrasa, tukisoma kwa sauti moja darasa zima, sikuwahi kukwama, na pumzi ilikuwa hii hii. Ninapokwama kwenye B, midomo miwili imebanana, nyuma yake hewa inasukuma, na kadiri ninavyoogopa ndivyo ninavyozidi kusukuma, na kadiri ninavyosukuma ndivyo midomo inavyozidi kubanana. Ni kama mlango unaofunguka kwa kuvutwa wakati wewe unausukuma kwa bega. Ukivuta pumzi kubwa halafu ukaishikilia, umeongeza watu wa kusukuma mlango.

Kwa hiyo ukikwama, usirudi nyuma kuchukua mbio. Wengi tunafanya hivyo: "Naitwa, naitwa, naitwa..." tukidhani safari ya nne tutaruka. Mbio zinaongeza kishindo tu. Baki pale pale ulipokwama. Usisukume, usifumbe macho, usipige paja. Sikilizia midomo yako imebana wapi, ilegeze taratibu mpaka igusane kidogo tu, kisha uteleze kwenye irabu inayofuata huku sauti ikiwa imeshaanza: "Bbbaa-kari." Litatoka limevutika, litasikika lina kigugumizi, lakini litatoka. Mbinu hii ya kulegeza ukiwa ndani ya neno si yangu. Mmarekani Charles Van Riper, aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, aliifundisha karne iliyopita, na mpaka leo wataalamu wa matamshi wanaitumia. Haiponyi. Mimi bado nakwama kila siku, na nikiwa sijalala vizuri nakwama zaidi. Inachofanya ni kupunguza mapambano.

Ila usiende kuijaribu kwa mara ya kwanza ukweni. Mimi nilianzia Kariakoo, kwenye maduka ya vipuri. Nilijipangia maduka kumi kwa siku, na kila duka niulize "bei gani?" huku nikikwama kwa makusudi kwenye B, nikimtazama muuzaji machoni. Ndiyo, kwa makusudi. Kukwama unakokufanya mwenyewe hakukutishi kama kule kunakokuvamia, na ndani yake ndimo unapojifunza kulegeza. Duka la kwanza jasho lilinitoka. La tatu muuzaji alicheka. La sita muuzaji akanijibu bei na kuendelea kula muhogo wake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wengi hawana habari na mimi. Utajua zoezi linafanya kazi pale utakapoona unakwama vilevile lakini shingo haikakamai tena.

Sasa nirudi kwa dada na swali lake. Kabla ya jina lako kuna neno jingine la kusema: sema una kigugumizi. Salimia kwanza, na usiiruke shikamoo kwa kuogopa kukwama, maana ukinyamaza mbele ya mkubwa kwetu hutaonekana mwenye tatizo la kusema, utaonekana huna adabu. Baada ya salamu sema: "Nina kigugumizi, nikikwama nisubiri, nitamaliza." Sentensi moja, basi. Usiombe radhi, usianze kusimulia ulivyozaliwa. Nilipoanza nilikuwa naeleza dakika mbili nzima, na mtu akaanza kunionea huruma na kunimalizia maneno. Na usiliweke tangazo hili baada ya kukwama, maana hapo mwenzako ameshababaika, hajui kama umesahau au unadanganya. Kwenye simu ndiyo liwahi zaidi, kwa sababu huko kimya chako kinaitwa mtandao mbovu na mtu anakata.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nililipia miaka minne. Kuficha kunachosha kuliko kukwama. Ukificha unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuongea na kulinda, na mtu mpya anakuona una wasiwasi bila kujua wasiwasi wa nini. Acheni kujificha nyuma ya maneno mepesi!

Haya, Tanga. Kwetu kijana haendi posa, wazee ndio wanaoenda, lakini baba wa binti alitaka anione kabla. Mjomba alikuwa amejiandaa kunisemea kila kitu, nikamwomba aniachie la kwanza. Mzee alikuwa anamimina kahawa kutoka kwenye dele. Nikatoa shikamoo, ile "sh" ikavutika kidogo, akaitikia marahaba. Nikamwambia nina kigugumizi, anisubiri. Akaweka dele chini.

Nikasema, "Naitwa..." Midomo ikafunga. Mjomba akajongea, nikamwona kwa pembe ya jicho anataka kunisaidia. Sikurudi nyuma. Nilikaa pale pale kwenye B, nadhani sekunde tano, ndefu kama foleni ya Mbagala, macho yangu kwa mzee. Nikalegeza. Bbbaakari.

Mzee akatikisa kichwa, akanipa kikombe.

"Bakari wa nani?"

Baba yangu anaitwa Badi. Nikakiweka kikombe chini, nikaanza upya.