Dakika 20 za gitaa kila siku: mwezi mmoja, kodi tatu, wimbo mmoja

Miezi yangu miwili ya kwanza nilikuwa nashika gitaa Jumamosi tu, saa mbili au tatu mfululizo. Nikimaliza, ncha za vidole zimevimba, na hadi Jumatano bado zinauma. Jumamosi inayofuata vidole vimeshasahau, naanza upya. Mwalimu wa kwaya yetu aliponiona nahangaika aliniambia, "Kijana, piga dakika 20 kila siku, kisha acha hata kama bado una hamu." Ngozi ya vidole hukomaa polepole, na inahitaji kuguswa kidogo kila siku.

Lengo la mwezi tulilipanga pamoja: wimbo mmoja wa jumuiya wenye kodi tatu, yaani mashiko matatu ya nyuzi zinazolia pamoja, G, C na D, kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, bila kusimama, watu wakiimba. Lengo la namna hiyo halina ubishi. Siku ikifika, ama umefika mwisho wa wimbo ama umekwama.

Dakika 3 za kwanza ni za kutyuni, kisha kushika kodi moja na kupiga uzi mmoja mmoja. Hapo masikio yanakuonyesha kosa. Uzi ukikwaruza, mara nyingi kidole kiko mbali na freti, kile chuma chembamba kilicholala shingoni mwa gitaa. Kisogeze karibu nayo, nyuma yake kidogo. Uzi usipotoa sauti kabisa, angalia kidole cha jirani, huenda kimeulalia. Kisimamishe kwenye ncha.

Dakika 8 zinazofuata ndizo zenye kazi kubwa: kubadilisha kodi. Weka saa ya simu dakika moja, nenda G, C, G, C, na uhesabu umebadilisha mara ngapi kwa sauti safi. Andika hesabu kwenye daftari, pumzika kidogo, rudia. Siku ya kwanza nilipata 9. Siku ya sita nilikuwa 13, nikabaki hapo hapo siku tatu.

Kilichonikwamisha kilikuwa vidole vyenyewe. Nilikuwa napiga G kwa kidole cha kati kwenye uzi wa sita, ule mnene, na cha shahada kwenye uzi wa tano. Kwenda C kila kidole kilikuwa kinatafuta njia yake. Mwalimu akanibadilishia: kidole cha pete uzi wa sita freti ya 3, cha kati uzi wa tano freti ya 2, na kidole kidogo uzi wa kwanza freti ya 3. Sasa tazama C: cha pete uzi wa tano freti ya 3, cha kati uzi wa nne freti ya 2. Ni umbo lile lile limeshuka uzi mmoja! Vidole viwili vinahama pamoja, kidogo kinanyanyuka, cha shahada kinatua uzi wa pili freti ya 1. Siku mbili za mwanzo nilizidi kuchanganyikiwa, lakini mwisho wa wiki ya pili nilikuwa 31. Kwa hiyo hesabu ikigoma siku tatu, usikazane kuongeza kasi. Punguza mwendo, uone ni kidole kipi kinachochelewa.

Wiki ya tatu nilihamia G na D, kisha C na D, nikilenga mara 40 kwa kila jozi. Huenda ukauliza kwa nini nyingi hivyo, wakati wimbo wa mapigo 80 unaobadilisha kodi kila baada ya mapigo manne unahitaji mara 20 tu kwa dakika. Ni kwa sababu ndani ya wimbo hupewi mapigo yote manne ya kuhama. Unalo moja la mwisho, chini ya sekunde moja.

Dakika 9 zilizobaki ni za wimbo wenyewe, na metronomu ya simu, inayogonga mapigo kwa mwendo sawa. Nilianza na 50, pigo moja la kushuka kwa kila mlio, nikipandisha 5 kila nilipopita wimbo mzima mara mbili bila kusita. Sheria hapa ni moja: mkono wa kulia hausimami. Kodi ikichelewa, iache ipite, udake inayofuata. Anayesimama kurekebisha kila kosa anazoea kusimama.

Kuuma kwa ncha za vidole ni kawaida. Kifundo cha mkono au kidole gumba kikiuma, hiyo ni dalili ya kukandamiza mno: legeza, na siku hiyo acha.

Siku ya 29 nilipiga jumuiyani. Kwenye beti la pili C ilinitoroka, mkono wa kulia ukaendelea, nikaidaka kwenye mstari uliofuata, na waimbaji hawakuyumba. Mwezi uliofuata nilibaki na wimbo ule ule, nikaongeza Em na mapigo ya kupanda.