Nakili maneno, wazo utalikumbuka: kuandika makala ya mwanzilishi kutoka kwenye daftari la mahojiano

Mtu akizungumza kawaida hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono unaokimbia karatasini hupata 20 au 25. Kwa hiyo daftari lako limebeba kipande kidogo tu cha alichosema mwanzilishi wa biashara unayemwandikia makala itakayotoka kwa jina lake, na makala nyingi za kumwandikia mtu mwingine huharibikia hapo: mwandishi ananakili mawazo, maneno anayaacha yapite. Wazo utalikumbuka hata kesho. Maneno yakishapita yamepita, na sauti ya mtu imo humo. Kurekodi kunasaidia, ila wapo ambao wakiona tu simu mezani wanaanza kuongea kama wako redioni.

Chukua mfano wa kubuni. Mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kibaigwa, wilayani Kongwa, anataka makala ya maneno 700 itoke gazetini kabla bajeti haijasomwa bungeni Juni. Daftari lina haya, pamoja na mengine:

ushuru mafuta ya nje, si hoja kubwa
"mashine yangu inalala kuliko mlinzi"
kazi miezi 4 tu??
"mkulima si mjinga, anauza kwa anayemlipa leo"
[mikopo: alipandisha sauti]

Alama hizo zina kazi. Kilicho ndani ya nukuu ni maneno yake neno kwa neno, mabano ni ulichokiona wewe, alama mbili za kuuliza ni takwimu isiyothibitishwa. Ziweke jioni ile ile. Baada ya siku mbili hutajua tena kipi alisema yeye na kipi ulikifupisha wewe, na utaanza kumwekea mdomoni maneno yako huku ukiamini ni yake.

Sasa tafuta hoja. Alikuja na ushuru kwa sababu ndio unaozungumzwa kila msimu wa bajeti, lakini sauti ilipanda kwenye mikopo. Unganisha mistari: mavuno ni ya wiki chache, kiwanda kinatakiwa kununua wakati huo mbegu za kukamua mwaka mzima, fedha taslimu hakina, mbegu zinaondoka, mashine inalala. Makala ni hiyo. Ushuru unabaki mlango wa kuingilia tu.

Mwandishi aliyezoea taarifa za ofisi ataandika: "Ukosefu wa mtaji wa uendeshaji ni changamoto inayovikabili viwanda vidogo, hivyo kuna haja ya wadau kushirikiana." Hakuna uongo humo, na hakuna mtu pia. Jaribu hivi:

"Watu wananiuliza kama ushuru wa mafuta ya nje utaniokoa. Kamuulizeni mlinzi wangu. Mashine yangu inalala kuliko yeye. Wiki chache za mavuno ndizo za kununua mbegu za mwaka mzima, na fedha hiyo sina. Mkulima si mjinga, anauza kwa anayemlipa leo. Anayemlipa leo ana lori, hana kiwanda."

Angalia kilichochukuliwa: misemo miwili tu. Ukiijaza yote ya daftarini, mzee wa watu anageuka mchekeshaji. Msemo mmoja au miwili kwa aya unatosha. Kilichobaki ni mwendo wake, sentensi fupi na jibu linalokuja kabla hujamaliza kuuliza. Sentensi ya lori ni ya mwandishi. Ipigie mstari kwenye rasimu na umwambie wazi. Akisema haimkai mdomoni, inafutwa hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote.

Miezi minne nayo isiingie gazetini kwa sababu tu imetamkwa. Mtu mwenye hasira hupunguza au huongeza bila kudhamiria. Omba kumbukumbu za malipo ya umeme za mwaka mzima: miezi ambayo mashine ilikamua itajionyesha yenyewe. Ikitoka sita, andika sita.

Rasimu usimtumie na kumuuliza kama ameipenda, maana atajibu "iko vizuri" na asisome. Kaa naye aisome kwa sauti. Anapojikwaa, sentensi ni ndefu kuliko pumzi yake. Anaposema "hapa mimi ningesema hivi," andika hicho anachosema, usibishane.

Kuna jambo moja litakushangaza: wengi wakiona maneno yao kwenye karatasi wanayaonea aibu. Atataka mashine inayolala iwe "mashine isiyofanya kazi kwa ufanisi." Msomee zote mbili, kisha muulize, "Mzee, ipi ungemwambia mkulima aliyesimama getini na magunia yake?" Mara nyingi atacheka na kurudi kwenye yake. Asiporudi, iandike anavyotaka. Jina litakalochapwa juu ni lake.